'Pole' si 'nisamehe': Kijibarua cha kumuaga karani aliyeachishwa kazi

Mwezi Mei nilikuwa Wundanyi kwa shughuli za kifamilia. Asubuhi ya pili, ukungu ukiwa bado umeufunika mji, alinijia mama mmoja tunayefahamiana tangu siku za ualimu wangu. Siku hizi anasimamia bohari ambapo wakulima wa Werugha, Mgange na vijiji vya karibu huleta kabichi, nyanya na ndizi zipimwe kabla ya kupakiwa lori la kwenda Voi na Mombasa. Alikuwa ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mwalimu," akaniambia, "hebu nisomee hii kitu kabla sijampa mtu. Barua ya ofisi iko, imeandikwa Kiingereza. Lakini huyu kijana nimekaa naye miaka minne. Siwezi kumpa Kiingereza peke yake aende nacho nyumbani."

Karatasi yenyewe ilikuwa kijibarua cha kumuaga karani wa mizani. Kijana huyo alikuwa anaachishwa kazi kwa sababu kazi yake haikufikia kiwango kilichotakiwa. Kwa heshima ya wahusika sitataja majina yao wala ya bohari. Ila mama huyo alinikubalia nikijadili kijibarua chake hapa, na nikaona ni heri kufanya hivyo, kwa maana wengi wetu tunaosimamia watu hujikuta siku moja tukiandika maneno ya aina hii, na hakuna darasa la Insha lililotufunza. Shuleni tulifunzwa barua ya kuomba kazi. Ya kumwondoa mtu kazini hatukufunzwa.

Haya ndiyo aliyokuwa ameandika:

"Mwanangu, natumai u mzima. Kwa masikitiko makubwa nakufahamisha kuwa imeamuliwa tusiendelee nawe kutokana na hali ya sasa. Wewe ni mfanyakazi hodari na tunakupenda, lakini huwa una uzembe katika kuandika daftari, na wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kama ingekuwa ni mimi peke yangu, usingeondoka. Nisamehe sana. Haki zako utapata. Mambo yakiwa mazuri, karibu tena. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni mimi mama yako."

Msomaji atakubaliana nami kuwa aliyeandika haya ana moyo mwema. Hakuna kejeli wala kitisho. Hata hivyo, nilipokisoma mara ya pili nilimwambia mama yule kuwa kijibarua hiki kinampa kijana sababu tatu za kuondoka, na kila moja inaikana nyingine. Kwanza ni "hali ya sasa". Pili ni "uzembe". Tatu ni kutosikia la mkuu. Akiulizwa na babake jioni, "Wamekutoa kwa nini?" atachagua ipi?

Kabla ya kuyachambua maneno hayo, nilimwomba anisimulie kilichotokea. Nitakieleza kwa ufupi kwa kuwa uhakiki wa barua usiojua jambo linaloelezwa na barua hiyo ni kazi ya kuhesabu makosa ya sarufi tu.

Kila mzigo unapopimwa, uzito wake huandikwa mara mbili: kwenye kadi anayobaki nayo mkulima, na kwenye daftari la mizani linalobaki bohari. Jioni jumla za kadi na za daftari sharti zilingane, kwani malipo hufanywa kwa kutegemea daftari. Karani huyu alikuwa akiandika kadi papo hapo, lakini foleni ikiwa ndefu alikuwa akiacha daftari na kulijaza baadaye kwa kumbukumbu. Msimamizi aligunduaje? Kadi zilikuwa na kilo 47, 58 na 63, ilhali daftari la saa hizo hizo lilikuwa na 50, 60 na 60. Mizani haitoi namba zinazoishia na sufuri kwa saa nzima. Kumbukumbu ndiyo hutoa namba za aina hiyo. Matokeo yake ni kuwa wakulima walisubiri malipo kwa siku kadhaa huku hesabu zikirudiwa.

Mwezi Januari walikaa wakazungumza. Walikubaliana kuwa siku ambazo daftari na kadi hazilingani zisizidi 2 kwa mwezi, naye akawekewa mwenzake mwenye uzoefu wakae pamoja mizanini wiki mbili. Februari siku za kutolingana zikawa 9. Machi zikawa 7, na Aprili 8. Mwisho wa Aprili aliitwa, akaja na mwenzake aliyemchagua mwenyewe, akaelezwa kwa Kiswahili na kidogo kwa Kidawida kwa nini msimamizi anafikiria kumwachisha kazi, akasikilizwa. Baada ya siku chache uamuzi ukatolewa.

Kwa hiyo mama huyu alikuwa ametenda ipasavyo. Kasoro ilikuwa kwenye karatasi tu, nayo ilitosha kuyaharibu aliyoyatenda.

Tuanze na "uzembe". Katika mazungumzo ya kawaida neno hili tunalitupia kila kosa la kazini. Lakini uzembe ni tabia. Mzembe ni mtu anayejua afanyalo, anayeweza kulifanya, na ambaye halijali. Karani huyu hakuwa mzembe kwa maana hiyo. Alifika saa moja asubuhi kila siku, na kazi ilimshinda foleni iliporefuka. Kiswahili kina maneno ya kutofautisha hayo mawili. Tunaweza kusema kazi "haikufikia kiwango", au utendaji "ulikuwa chini ya tulivyokubaliana". Maneno haya yanaizungumzia kazi. "Uzembe" unamzungumzia mtu.

Tofauti hii haiishii katika maana za kamusi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ambayo ndiyo inayotawala mambo haya hapa Kenya, inaweka utendaji duni na utovu wa nidhamu kuwa sababu mbili tofauti. Kifungu cha 44 kinamruhusu mwajiri kumfuta mtu bila ilani au kwa ilani fupi akikosa vikubwa, na miongoni mwa makosa yanayotajwa hapo ni kuacha kazi makusudi au kuifanya bila uangalifu wowote. Anayeandika "uzembe" anaelekeza kidole kwenye kifungu hicho pasipo kujua. Barua ya Kiingereza ilisema utendaji duni, kijibarua cha Kiswahili kikasema kosa la nidhamu. Karatasi mbili, mkono mmoja, sababu mbili. Kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri athibitishe sababu aliyoitoa. Asipoweza, kuachishwa huko kunahesabiwa kuwa si kwa haki. Mtu anayetoa sababu mbili amejiongezea kazi ya kuthibitisha, na moja kati ya hizo si ya kweli.

"Hali ya sasa" nayo ni mbaya zaidi kwa sababu inaonekana ya upole. Mama aliniambia aliiweka "ili kijana asione ni yeye". Hapa ndipo wema wetu wa maneno hutupotosha. Mwajiri anayesema "hali ya sasa", "biashara imekuwa ngumu" au "tunapunguza watu" anasema kwamba nafasi ya kazi yenyewe imeondoka. Kwa Kiswahili cha kazini, huyo si mtu aliyeachishwa. Ni mtu aliyepunguzwa. Kupunguzwa kuna kifungu chake, cha 40, na masharti yake: ilani ya angalau mwezi mmoja kwa mfanyakazi na kwa afisa wa leba, na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Karani wa miaka minne angestahili siku 60. Na mwezi unaofuata, karani mwingine akionekana mizanini, kijana atajua alidanganywa. Watu wa Wundanyi wote watajua, kwa kuwa ni mji ambao mtu akikohoa karibu na stendi anapewa pole sokoni.

Nikamwuliza: "Ukimdanganya kwa huruma, nani atamwambia ukweli?" Akanyamaza. Kisha akasema jambo ambalo nililiona kuwa ndilo kiini cha yote. "Mwalimu, mimi ninachoogopa si korti. Huyu alikuwa mtu wa mizani. Akitoka, watu watasema alikula pesa."

Hilo ni kweli kabisa. Karani wa mizani akiondoka ghafla, hakuna anayewaza kuhusu daftari. Kila mtu anawaza kuhusu kilo zilizoibwa. Lugha yetu yenyewe iko tayari kumhukumu. Tunasema "amepigwa kalamu", "amekula kalamu", "ametimuliwa", "amemwaga unga". Misemo hii ina ladha na magazeti huipenda, hasa kocha wa kandanda anapoondoka, lakini haielezi sababu. Inaacha pengo, na umbeya hujaza pengo. Sasa kijibarua kikisema "hali ya sasa", kijana hana silaha ya kujikinga na uvumi huo. Kikisema "uzembe", kimemwongezea uvumi. Kikisema "daftari na kadi hazikulingana kwa sababu ulijaza daftari kwa kumbukumbu, na hakuna pesa iliyopotea", kimempa ngao. Ukweli uliotajwa kwa kipimo chake ndio wema pekee ambao angeweza kwenda nao nyumbani.

Nikageukia vitenzi. "Imeamuliwa" ni kauli ya kutendwa isiyo na mtenda. Kiswahili kinaturuhusu kumtaja kwa "na": imeamuliwa na nani? Asipotajwa, uamuzi unakuwa kama mvua, umeshuka tu. Kisha sentensi chache baadaye inasemwa, "kama ingekuwa ni mimi peke yangu, usingeondoka." Hapa -nge- inafanya kazi ya kumtoa mwandishi katika uamuzi wake mwenyewe. Lakini bohari ile haina bodi, na aliyeamua ni yeye. Kijana anajua hivyo. Anachosoma ni kwamba mtu aliyemheshimu hawezi kusimama nyuma ya neno lake. Tena anapata tumaini la uongo, kwamba akimtafuta huyo "mwingine" aliyeamua, huenda mambo yakabadilika. "Nimeamua" ni neno zito, lakini linamaliza jambo.

Njeo nayo ina mahali pake. Katika barua ya kumwita mtu kusikilizwa, sahihi ni kusema "nafikiria kukuachisha kazi", kwa sababu kifungu cha 41 kinataka mfanyakazi aelezwe sababu kabla ya uamuzi, kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua, na maelezo yao yasikilizwe. Anayeandika "nimeamua" katika barua ya mwito amekiri kwa kiambishi -me- kuwa kikao ni cha kutimiza desturi. Na anayeandika "nafikiria" katika barua ya mwisho amemfungulia kijana mlango ambao umeshafungwa. Silabi moja au mbili tu zinaonyesha kama mtu alisikilizwa kweli.

Kuna pia "huwa". "Huwa una uzembe" ni kauli ya mazoea, isiyo na mwanzo wala mwisho. Mtu hawezi kuijibu isipokuwa kwa kusema "si kweli". Siku 9, 7 na 8 anaweza kuzijibu. Anaweza kusema, "Hizo 8 za Aprili, mbili mizani ilikuwa mbovu," na hapo mazungumzo yanakuwa ya haki. Ndiyo maana namba si ukali. Namba zinampa mtu mahali pa kusimama.

Neno lililonishughulisha zaidi ni "nisamehe". Kwa nini lilikuja? Nadhani lilitoka katika Kiingereza, ambacho kina neno moja tu la kumfariji aliyefikwa na jambo na la kuomba radhi kwa kosa. Sisi tuna mawili, na tunayatofautisha tangu utotoni. Mtoto akijikwaa tunamwambia "pole", ingawa hatukuweka jiwe. Tukimkanyaga tunasema "samahani" au "nisamehe". "Pole" inasema: nakuona umeumia. "Nisamehe" inasema: nilikukosea. Msimamizi huyu hakumkosea karani. Alimweleza, akampa muda na msaada, akamsikiliza. Kumwomba msamaha ni kumwambia kuwa uamuzi ulikuwa kosa, na wakili wa kijana anaweza kuusoma hivyo hivyo. Bila hata kufika kwa wakili, kijana mwenyewe atauliza: kama umenikosea, mbona usirekebishe? "Pole" inatosha, tena ni neno zuri. Aliyesababisha maumivu anaweza kulitamka bila kujikana. Daktari anayedunga sindano husema pole, na haombi msamaha.

Tulibishana kidogo juu ya "mwanangu". Mama alishikilia kuwa Taita mzima humwita kijana wa umri ule mwanangu, na kijana humwita yeye mama. Nilikubali. Ana kwa ana, neno hilo ndilo la adabu, na kumwita kijana kwa jina la ukoo tupu kungekuwa kumtenga ghafla. Ila katika karatasi ya kumwachisha kazi, "mwanangu" lina tatizo. Mtoto haachishwi na mamake. Mtoto pia hamdai mamake mshahara wala siku za likizo, na hamshtaki kwa afisa wa leba. Neno la undugu likiwekwa juu ya karatasi linaziba mdomo wa anayeandikiwa hata kama mwandishi hakukusudia. Tulielewana kuwa karatasi ianze na "Ndugu" na jina lake, na "mwanangu" libaki la mdomo, siku ya kumkabidhi.

Hapo nikamkumbusha kitu ambacho kilimchekesha. Kitenzi chenyewe "kuachisha" tunakitumia pia kwa mtoto, anapoachishwa ziwa. Ni mzizi ule ule -acha, umepewa kiambishi cha kusababisha. Nakipendelea kuliko "kufuta", ambacho ni kitendo cha kupangusa ubao usibaki na kitu, na kuliko "kufukuza", ambacho ni cha kuku walioingia jikoni. "Kusimamisha" kisitumike kabisa, kwa kuwa aliyesimamishwa bado ni mfanyakazi na anasubiri kuitwa.

Methali mbili za kijibarua kile zilikuwa za kupendeza kwa sikio. Lakini methali ni kauli ya jamii nzima. Anayeambiwa "asiyesikia la mkuu huvunjika guu" hajibu, maana atamjibu nani? Isitoshe, methali hiyo inadai kuwa kijana alikaidi, jambo ambalo si kweli. Ile ya koleo na uhunzi ni ya faraja, lakini aliyevunjikiwa ndiye mwenye haki ya kujiambia. Aliyevunja akiitamka, inasikika kama anajipunguzia mzigo. Zote mbili zikaondoka.

"Wewe ni mfanyakazi hodari" pia ikaondoka. Mtu hodari haachishwi kwa utendaji duni. Mojawapo ni uongo. Badala yake nilimwuliza kama kuna jambo moja ambalo kijana alilifanya vizuri na ambalo yeye mwenyewe aliliona kwa macho. Hakufikiri mara mbili. Wakulima wazee wasiojua kusoma walimpenda kwa kuwa aliwasomea kadi zao polepole, namba moja moja, bila kuwaharakisha. Sifa hiyo ni ya kweli, na haipingani na sababu ya kuondoka. Kwa kweli inakaribia kuieleza: muda aliowapa wazee ndio alioukosa kwa daftari.

Mwisho, "haki zako utapata" na "karibu tena". Ya kwanza ni ahadi isiyo na tarehe. Ya pili kila mwenye kibanda humwambia mteja, lakini kwa mtu aliyepoteza kazi inasomeka kama ahadi ya kurudishwa. Badala yake kuna "kwaheri ya kuonana", ambayo inaahidi tu kwamba watu wawili wa mji mmoja wataendelea kusalimiana.

Tukaandika upya. Yeye alisema, mimi nikashika kalamu, naye akanakili kwa mkono wake:

"Ndugu …, umepokea leo barua rasmi ya tarehe 3 Mei. Nakuandikia haya kwa Kiswahili ili uyapate kwangu, usiyasikie kwa watu.

"Nimeamua kukuachisha kazi ya ukarani wa mizani. Siku yako ya mwisho ni tarehe 31 Mei. Sababu ni moja. Januari tulikubaliana kuwa siku ambazo daftari na kadi hazilingani zisizidi 2 kwa mwezi. Februari zilikuwa 9, Machi 7 na Aprili 8, hata baada ya mwenzako kukaa nawe mizanini wiki mbili. Nilikusikiliza ukiwa na mwenzako uliyemchagua, na uliyosema juu ya foleni niliyafikiria. Uamuzi haujabadilika.

"Hakuna pesa iliyopotea mikononi mwako, na hakuna aliyekutuhumu wizi. Yeyote atakayeniuliza nitamjibu hivyo.

"Tarehe 31 Mei utapata ofisini mshahara wako wa mwezi, malipo ya siku 11 za likizo ambazo hukuchukua, na cheti chako cha utumishi. Ukiona hesabu haiko sawa, niambie, au nenda kwa afisa wa leba. Sitakasirika.

"Wazee waliokuja bila miwani uliwasomea kadi zao kwa subira. Hilo niliona, na nitalitaja popote utakaponiomba nikuandikie. Pole. Najua habari hii ni nzito nyumbani. Kwaheri ya kuonana."

Chini akatia jina lake kamili na cheo chake.

Msomaji makini ataona mambo mawili ambayo sheria imeyagusa hapo. Kati ya tarehe 3 na tarehe 31 Mei kuna siku 28, ambazo ndizo ilani ya anayelipwa kwa mwezi. Na cheti cha utumishi ni haki yake chini ya kifungu cha 51: kinataja mwajiri, kazi, mahali, siku ya kuanza na siku ya kuisha. Hakitaji tabia. Barua ya kumsifu mtu ni kitu kingine. Mwajiri halazimiki kuitoa. Ndiyo sababu sentensi ya "nitalitaja popote" haikuwekwa kwa mapambo. Mama alikuwa anajifunga kwa jambo ambalo sheria haikumfunga, na akajifunga kwa lile tu analoweza kulisema bila kudanganya.

Nina shaka moja juu ya kijibarua hiki cha pili, na sitaificha. Kimepoa. Joto la kile cha kwanza, lile la mama anayelia huku akiandika, limepungua, na kuna atakayesema tulimnyang'anya sauti yake. Jibu langu ni kwamba sauti hiyo ina mahali pengine: kwenye kiti mkabala na kijana, kwa Kidawida wakitaka, ambapo anaweza kuona uso wake na kunyamaza inapobidi. Karatasi husomwa tena usiku, na kesho yake, na mwezi ujao, na watu ambao hawakuwa chumbani. Pia niseme wazi kuwa karatasi nzuri haiokoi utaratibu mbovu. Kama kusingekuwa na kikao cha Januari, namba, mwenzake wa wiki mbili na kusikilizwa, haya yote yangekuwa maneno matamu tu, na mahakama ina uwezo wa kumtoza mwajiri wa aina hiyo fidia ya hadi mshahara wa miezi 12.

Niliondoka Wundanyi kabla ya tarehe 31. Mama alinipigia simu wiki iliyofuata. Kijana alikuja kuchukua malipo yake, akahesabu, akasaini. Kisha akatoa kile kijibarua mfukoni, kimekunjwa mara nne, akasema: "Mama, naomba unigongee muhuri hapa chini. Kuna mahali nataka kwenda kuomba kazi." Akagongewa.